Mfuko wa Ubavuni Usioachama: Namna ya Kushona Mifuko ya Sketi Ikalala Sawa

Kwa miaka mingi mwanamke wa bonde la Kilombero alihifadhi fedha zake kwenye pindo la khanga, akalifunga fundo na kulichomeka kiunoni. Njia hiyo ingalipo, lakini fundo halikusudiwa kubeba simu, kitambulisho na funguo kwa pamoja. Ndiyo maana wateja wengi wanaopeleka vitenge kwa mafundi wa Ifakara, Chita na Mlimba huomba sketi yenye mifuko. Msimu wa mavuno ya mpunga unapofika na fedha zikapita mkononi, mfuko huo ndio unaotegemewa safarini, sokoni na mashineni.

Malalamiko kuhusu mifuko hii yanafanana. Sketi ikivaliwa, mdomo wa mfuko huachama ubavuni kama mdomo wa samaki, kitambaa cha ndani kikaonekana, nyonga zikaonekana pana kuliko zilivyo, na simu ikateleza mwenye nayo anapoketi. Mteja humlaumu fundi, na fundi naye hulaumu kitambaa au umbo la mteja. Katika makala haya tunaeleza sababu hasa ya tatizo hilo, namna mfuko unavyoshonwa ukalala sawa, na jinsi mlaji anavyoweza kuikagua kazi kabla ya kulipa fedha iliyobaki.

Kwa nini mfuko huachama

Mfuko tunaouzungumzia ni ule uliofichwa ndani ya mshono wa ubavuni. Mshono unaounganisha kipande cha mbele na cha nyuma huachwa wazi kwa urefu wa kiganja, na nyuma ya uwazi huo hushonwa mfuko. Kwa hiyo mdomo wa mfuko una kingo mbili, ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, ambazo zinapaswa kulingana kwa urefu. Zikilingana, ukingo mmoja hulala juu ya mwingine na mfuko hauonekani. Ukingo wa mbele ukirefuka kuliko wa nyuma, ziada hiyo haina pa kwenda isipokuwa kutokeza nje.

Wengi hudhani kwamba ziada ndogo haina madhara. Tuchukue mdomo wa sentimita 16 ambao ukingo wake wa mbele umevutika ukawa sentimita 17. Tofauti ni sentimita 1 tu, lakini ukingo huo unapojipinda kwa nje, katikati yake husimama zaidi ya sentimita 2 mbali na mwili. Hata tofauti ya nusu sentimita huacha pengo linaloonekana na kila mtu.

Kinachourefusha ukingo ni namna ulivyokatwa. Kitambaa kama kitenge kimefumwa kwa nyuzi zinazokwenda wima na nyuzi zinazokwenda mlalo. Kikivutwa kufuata nyuzi, kinakaza na hakirefuki. Kikivutwa kwa mshazari, yaani katikati ya pande hizo mbili, kinarefuka. Msomaji anaweza kulithibitisha hilo kwa leso ya mfukoni: aivute kando kwa kando, kisha aivute pembe kwa pembe. Sasa, sketi inayopanuka kuelekea chini haikatwi wima ubavuni, bali hukatwa kwa kuinama, na sehemu ya kati ya kiuno na nyonga hukatwa kwa kupinda. Mdomo wa mfuko huangukia mahali hapo hapo, ambapo kitambaa kiko tayari kuvutika. Mkono unaoingia na kutoka, uzito wa simu, na hata pasi inayoburutwa juu yake, vyote huuongeza urefu wake kidogo kidogo.

Ipo sababu ya pili isiyohusiana na ukingo wenyewe. Sketi ikibana nyonga, kitambaa hutafuta mahali pa kupumulia, na mahali palipo wazi ni kwenye mdomo wa mfuko. Hapo hakuna ufundi wa mfuko utakaosaidia. Sketi ya kitambaa kisichovutika inahitaji kuzidi kipimo cha nyonga kwa sentimita 4 angalau.

Sababu hizi mbili hutofautishwa kwa jaribio rahisi. Sketi ilazwe mezani bila kuvaliwa. Mdomo ukiachama hata hapo mezani, ukingo umevutika. Mdomo ukifumba mezani na kuachama mwilini, sketi inabana.

Vipimo vya mfano

Tuchukue mfano wa mkazi wa Chita mwenye kiuno cha sentimita 78 na nyonga za sentimita 100, anayetaka sketi ya kitenge inayopanuka kiasi, yenye mifuko miwili. Fundi ataikata sketi yake nyongani kwa sentimita 104 hadi 106. Zipu itawekwa nyuma, kwa kuwa zipu ya ubavuni na mfuko wa ubavuni hugombania mshono mmoja.

Mdomo wa mfuko utaanza sentimita 7 chini ya mshono wa mkanda wa kiuno na kuishia sentimita 23 chini yake. Huo ni uwazi wa sentimita 16, unaotosha mkono wa mtu mzima wa wastani kuingia bila kusukuma. Uwazi mrefu zaidi ya huo hauongezi faida yoyote, ila huongeza sehemu ya kuachama. Mfuko wenyewe utashuka hadi sentimita 32 chini ya mkanda, na upana wake utakuwa sentimita 17. Hivyo chini ya mdomo hubaki kina cha sentimita 9, kinachoizuia simu isimwagike mtu anapoketi kwenye basi au kwenye behewa la TAZARA.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba juu mfuko haukomi kwenye mdomo. Unapanda mpaka kiunoni, ukiwa na upana wa sentimita 10 hapo juu, ili ushonewe pamoja na mkanda. Mfuko uliokatwa mfupi hubaki ukining'inia kwenye mshono wa ubavuni peke yake, na kila uzito unaotiwa humo huuvuta mdomo wazi.

Kila kipande cha mfuko, pamoja na akiba ya mshono, kitakuwa na kimo cha sentimita 34 na upana wa sentimita 19. Vinahitajika vinne, viwili kwa kila upande. Kwa kuwa vinne vikipangwa sambamba huchukua sentimita 76, vyote hupatikana katika ukanda mmoja wa kitenge wenye kimo cha sentimita 34. Anayenunua kitambaa anaweza kuongeza nusu yadi, ambayo ni sentimita 45 na kidogo, akawa na hakika ya mifuko yake. Vipande viwili vya mbele vinaweza kukatwa kwa bitana nyembamba ili kupunguza unene, lakini viwili vya nyuma vikatwe kwa kitenge chenyewe. Kipande cha nyuma ndicho kinachochungulia mkono unapoingia, na rangi ikifanana hakuna atakayekiona.

Maandalizi

Kitenge kilowekwe majini, kianikwe kivulini na kipigwe pasi kabla ya kukatwa. Pamba hurudi ikifuliwa, na ikiwa sketi itarudi huku bitana ya mfuko ikibaki ilivyo, mdomo utajikunyata hata kama ulishonwa vizuri.

Ukingo wa kipande cha mfuko haukatwi wima kwa kukadiria. Kipande huwekwa juu ya kipande cha sketi, na ukingo wake huchorwa kwa kufuata mkunjo wa ubavu kuanzia kiunoni hadi chini ya nyonga. Ukingo wima ukilazimishwa kwenye ukingo uliopinda, mmoja wao lazima uvutwe, na kosa tunalolikwepa huwa limekwisha kuingia.

Kinachohitajika zaidi ni utepe usiovutika. Hakuna haja ya kuununua, kwani upo kwenye kitambaa chenyewe. Ni ule ukingo wa kiwandani unaokwenda na urefu wa kitenge, uliofumwa kwa kubana na usiochanika. Ikatwe mikanda miwili yenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 22, mmoja kwa kila mdomo. Urefu huo ni sentimita 16 za mdomo pamoja na sentimita 3 za ziada kila mwisho. Ukipimwa bila kuvutwa, utepe huu ndio rula ya kazi nzima, na kitambaa kitaufuata wenyewe.

Ushonaji, hatua kwa hatua

Katika maelezo haya uso wa kitambaa ni upande utakaoonekana nje, na mgongo ni upande wa ndani. Akiba ya mshono wa ubavuni ni sentimita 1.5.

Kwanza, fundi atie alama za chaki kwenye vipande vyote vya sketi, mbele na nyuma, mahali mdomo unapoanza na unapoishia. Alama za mbele na za nyuma zikilinganishwa ziwe usawa mmoja.

Pili, utepe ulazwe kwenye mgongo wa kipande cha mbele, ukae kati ya milimita 7 na milimita 17 kutoka ukingoni, na upite alama za mdomo kwa sentimita 3 juu na 3 chini. Ubandikwe kwa pini na kupigwa bandi. Ikiwa kitambaa kati ya alama tayari kimerefuka kidogo, kisikatwe wala utepe usivutwe ili uendane nacho. Ziada isambazwe kidogo kidogo chini ya utepe, kisha ilainishwe kwa pasi yenye unyevu.

Tatu, kipande cha mfuko kilazwe juu ya kipande cha mbele cha sketi, uso kwa uso, na kishonwe kwa akiba ya sentimita 1, utepe ukishikwa humo humo. Kipande cha pili kishonwe vivyo hivyo kwenye kipande cha nyuma, bila utepe. Akiba hapa ni sentimita 1, na si 1.5, kwa makusudi. Mshono wa ubavuni utakapopita kwenye sentimita 1.5, maungio ya mfuko yatakuwa yameingia nusu sentimita ndani, na kinachoonekana mdomoni kitakuwa kitenge kitupu.

Nne, kipande cha mfuko cha mbele kifunuliwe na kielekezwe nje, akiba zote mbili zikilala chini yake. Kisha upigwe mshono juu ya mfuko, milimita 2 kutoka kwenye maungio, ukishika mfuko na akiba pamoja, kwa urefu wa mdomo. Mshono huu wa kulaza hauonekani nje ya sketi. Kazi yake ni kuulazimisha mfuko ujikunje kuelekea ndani, na wengi wenye haraka huuruka. Hapo ndipo bitana huanza kuchungulia baada ya ufuaji wa pili au wa tatu.

Tano, kipande cha mbele na cha nyuma cha sketi viwekwe uso kwa uso, alama zikikutana. Mshono wa ubavuni ushonwe kwa sentimita 1.5 kutoka kiunoni hadi alama ya juu, na urudishwe mara mbili ili ukaze. Uanze tena kwenye alama ya chini, urudishwe vilevile, na uendelee hadi chini ya sketi. Mdomo wenyewe ufumbwe kwa bandi ya mishono mirefu. Bandi hii isitolewe mpaka sketi imalizike, kwani ndiyo inayouhifadhi mdomo usivutike wakati wa kushona mkanda, kupinda chini na kupiga pasi. Tunaona pia kwamba ncha mbili za utepe, zile sentimita 3 za ziada, sasa zimenaswa ndani ya mshono wa ubavuni juu na chini ya mdomo. Utepe umefungwa pande zote mbili, na mdomo hauwezi tena kurefuka.

Sita, vipande viwili vya mfuko vishonwe pamoja kuzunguka, kuanzia kiunoni mpaka vinapokutana na mshono wa ubavuni. Mshono huu upitishwe mara mbili, au umaliziwe kwa ovaloki, maana ndio unaobeba uzito.

Saba, mfuko ulazwe kuelekea mbele. Akiba ya kipande cha nyuma itakataa kulala kwa sababu juu inavutwa mbele pamoja na mfuko, na chini inataka kufunguka. Ikatwe mkato mmoja, chini kidogo ya mwisho wa mfuko, kwenye akiba ya nyuma peke yake, na mkato huo ukome milimita 3 kabla ya mshono. Bila mkato huu sketi hufanya kivimbe mahali hapo. Mkato ukipitiliza, hapo hapo ndipo sketi itakapochanika.

Mwisho, sehemu ya juu ya mfuko ipigwe bandi kwenye kiuno cha kipande cha mbele, ukiwa umetulia bila kuvutwa, ndipo mkanda wa kiuno ushonwe juu ya vyote. Kisha pasi ipitishwe. Pasi ya mkaa inafaa kabisa, ilimradi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha pembeni ili majivu yasiangukie sketi. Lakini pasi hukandamizwa na kunyanyuliwa, haiburutwi kwenye mdomo wa mfuko. Kazi yote ikiisha, bandi itolewe.

Namna ya kukagua kabla ya kuchukua

Mlaji hahitaji kuwa fundi ili kuikagua kazi hii. Tunamshauri kwanza ailaze sketi mezani. Midomo yote miwili ifumbe yenyewe, na urefu wa ukingo wa mbele ukipimwa kwa tepu ulingane na wa nyuma. Pili, aingize mkono na kupapasa. Juu ya mdomo atahisi mfuko ukiendelea hadi kwenye mkanda, na kando ya maungio atahisi mshono wa kulaza. Tatu, aigeuze sketi ndani nje na kuangalia kama mfuko umelala mbele, na kama mkato wa akiba haujagusa mshono. Nne, aivae, atembee, aketi na kuinuka, huku simu yake ikiwa mfukoni. Sketi inayosimama vizuri lakini ikaachama mtu anapoketi inabana kidogo. Akiba ya sentimita 1.5 inaruhusu mshono wa ubavuni kufunguliwa kiasi chini ya mdomo, ingawa kwenye mdomo wenyewe hakuna nafasi hiyo.

Mambo haya ni rahisi kuyapata yakiombwa siku ya kupeleka kitambaa kuliko siku ya kuchukua sketi. Inatosha mlaji kumwambia fundi mambo matatu, na kuyaandika kwenye karatasi ya vipimo: mdomo utiwe utepe, upigwe mshono wa kulaza, na mfuko ufike kwenye mkanda. Fundi anayejua kazi ataelewa mara moja, na anayepanga bei ataweza kuhesabu muda wa ziada mapema badala ya kuudai baadaye.

Sketi iliyokwisha kuharibika

Kwa sketi iliyokwisha kushonwa na yenye mdomo uliovutika, si lazima kuifumua yote. Ukatwe utepe wa ukingo wa kiwandani wenye urefu wa mdomo wa nyuma, pamoja na sentimita 2 kila mwisho. Ushonewe kwa mkono upande wa ndani, juu ya maungio ya mfuko na ukingo wa mbele, kwa kuanza kufunga ncha zote mbili na kisha katikati. Ziada ya kitambaa isambazwe sawasawa na kulainishwa kwa pasi yenye unyevu. Ziada ya hadi sentimita 1 humezwa kwa njia hii. Ikizidi hapo, ukingo hufanya mikunjo, na ni heri kufumua mdomo na kushona upya. Iwapo tatizo ni kubana, utepe hautasaidia. Hapo ama sketi ipanuliwe, ama mdomo ushonwe ufumbe na mfuko uachwe usitumike, ili angalau sketi ivalike.